Ngazi inayopandika: kwa wanaoanza kazi ya picha za ndani

Wadogo zangu mnaoanza kutengeneza picha za ndani kwa modeli za kuchora, kila nikikagua kazi zenu nakutana na ngazi ileile: vidato vya chini ni vinene, vya juu vimebanana, vyuma vya reli vinaanza vitatu kwa kidato na kuishia kimoja, na kivuli cha reli kinaelekea dirishani badala ya kuligeuzia dirisha mgongo. Nikifungua prompti nakuta mmeandika `18 steps, riser 167 mm, correct proportions`. Modeli haihesabu. Inachora kitu kinachofanana na ngazi ilizowahi kuona, na namba hizo kwake ni maneno kama maneno mengine.

1. Hesabu inatangulia prompti. Kanuni mnaijua: kimo cha kidato mara mbili, ukijumlisha upana wa kukanyagia, kipatikane kati ya milimita 600 na 640 hivi, kwa sababu huo ndio urefu wa hatua ya mtu anayetembea ndani ya nyumba. Mfaransa François Blondel aliieleza katika karne ya 17, na mafundi wetu wanaitumia hata wasiomjua.

Chukueni nyumba ya ghorofa iliyokuwa ikijengwa Mbezi Beach, ambayo picha yake ilipita katika ofisi niliyokuwa nikifanya kazi. Kutoka sakafu hadi sakafu palikuwa na milimita 3,000. Ukigawanya kwa vimo 18, kila kimo ni milimita 167. Nafasi za kukanyagia zinakuwa 17, kwa kuwa ya mwisho ni sakafu ya juu yenyewe. Kwa upana wa milimita 280, kanuni inatoa 614, na ngazi nzima inalala kwenye mita 4.76 za sebule.

Kijana aliyepewa kazi hiyo hakupiga hesabu. Aliandika prompti nzuri ya mbao na mwanga, akachagua picha iliyopendeza kuliko zote, na mteja akaipenda mno hata akaichapisha na kuibandika ukutani pale saiti. Siku fundi wa ngazi alipokuja kupima, aliisogelea picha ile, akahesabu vidato kwa kidole, akapata 11. Akagawanya 3,000 kwa 11, akauliza kwa upole kama bibi wa nyumba hiyo atakuwa analala chini siku zote, maana kimo cha milimita 273 hakipandwi na mwenye magoti mabovu. Hilo lingerekebishika kwa kuongeza vidato. Kilichouma ni urefu. Vimo 11 vina nafasi 10 za kukanyagia, yaani mita 2.8 tu, ngazi halisi ilihitaji karibu mita mbili zaidi, na mita hizo mbili kwenye picha zilikuwa zimekaliwa na kochi, zulia na taa ya kusimama, vitu ambavyo mteja alikwishaviagiza. Mteja akasema, na alikuwa na haki, kwamba yeye aliikubali sebule ile aliyoonyeshwa. Mwishowe ngazi ilikunjwa mara mbili na kuwekewa landingi katikati, landingi ikakata dirisha la magharibi ambalo ndilo lililoipa picha mwanga wake, na dirisha likabidi lichorwe upya. Nilimwona kijana yule akikusanya michoro yake bila kumtazama mtu, na ndiyo maana leo nawaandikia kwa ukali kidogo.

Kipimo cha haraka: mlango wa milimita 2,100 ulio umbali uleule na ngazi kutoka kwenye kamera ni sawa na vimo kumi na viwili na nusu. Ukikuta vinane, futa picha.

2. Umbo litoke kwenye boksi, prompti ibebe malighafi na mwanga. Jengeni ngazi ya maboksi matupu katika SketchUp au Blender kwa vipimo vile, wekeni kamera ya mwisho, kisha toeni picha ya kina, ile inayoonyesha umbali wa kila kitu kutoka kwenye kamera, na picha ya mistari. Katika ControlNet, nyongeza inayoilazimisha modeli kufuata umbo la picha unayoipa, `depth` inashika mpangilio wa vidato na `lineart` inashika kingo na vyuma. `mlsd` inafaa kwa mistari mirefu iliyonyooka, lakini vyuma vyembamba huviacha. Baada ya hapo prompti inabaki fupi:

```
straight oak staircase, closed risers, slim vertical
black steel balusters, oak handrail, white plaster wall,
late afternoon sun from window on the left
```

Acheni `grand` na `sweeping`. Maneno hayo hukunja ngazi.

3. Mdundo wa reli. Kwenye kidato cha milimita 280, vyuma viwili vya milimita 16 vinaacha uwazi wa 124, na kichwa cha mtoto kinaweza kupita. Kikomo kinachotumika sehemu nyingi ni 100. Vikiwa vitatu, uwazi unabaki 77. Kwa hiyo ni vitatu, toka chini hadi juu.

Sasa sikilizeni kwa nini modeli inavivuruga hata mistari ikiwa sahihi. Modeli ya Stable Diffusion haichori moja kwa moja kwenye pikseli. Inafanya kazi kwenye picha iliyofinywa, ambamo kila chembe inawakilisha mraba wa pikseli 8 kwa 8. Picha ya upana wa pikseli 1,024 inayoonyesha mita 5 za ukuta inakipa chuma cha milimita 16 pikseli 3 na ushei, yaani chini ya nusu ya chembe. Hapo vyuma huungana, hupinda au hupotea, na kuongeza maneno hakusaidii. Dawa ni kuzungushia barakoa sehemu ya reli yenye upana wa mita moja na nusu, kuchagua `Only masked`, na kuichora upya kwa pikseli 1,024, huku mistari ya sehemu hiyo ikiwa bado ndani ya ControlNet. Chuma kinapata pikseli karibu 11 na kinasimama. Endeleeni sehemu kwa sehemu, mkiacha kila moja iingie kidogo katika jirani yake ili kiungo kisionekane.

4. Kivuli kina kanuni mbili. Kivuli cha chuma kilichosimama wima, kikianguka kwenye sehemu ya kukanyagia, hufuata uelekeo wa jua. Kikifika kwenye uso wa kidato kilicho juu yake, hupanda wima. Kwa hiyo juu ya ngazi kivuli hukatika kwa pembe kali, na modeli mara nyingi hukilaza kama mkanda mmoja ulionyooka. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ninayoitafuta.

Alama ya pili ni urefu. Sisi tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba jua la saa sita mchana hapa Dar es Salaam linapita utosini. Picha ya saa sita mchana wa Oktoba yenye vivuli vya reli vinavyovuka sebule nzima haiwezekani. Mkivitaka vivuli virefu, semeni ni Juni, saa kumi alasiri: jua liko kama nyuzi 30 juu ya upeo, upande wa magharibi-kaskazini, na reli ya milimita 900 iliyo kwenye ukingo wa landingi inatupa kivuli cha mita 1.56 kwenye sakafu hiyohiyo.

Msivibahatishe kwa maneno. Wekeni eneo na saa ndani ya SketchUp, washeni vivuli, na mtumie picha hiyo kama msingi kwenye `img2img`, ambako modeli huchora juu ya picha uliyoipa. `Denoising strength`, namba inayoamua modeli ibadili msingi kwa kiasi gani, ikiwa karibu 0.4 vivuli hukaa mahali pake na mbao hupata uhai, ikifika 0.7 vinahama, na vikishahama msiwe mnavitia barakoa kimoja kimoja. Rudini kwenye msingi, mshushe namba, mchore tena.