Kumi inatangulia mbili kwenye Excel

"Nikipanga namba za wanachama wa kikoba napata 1, 10, 11, halafu ndiyo 2. Nakosea wapi?"

Ndugu, hizo zimehifadhiwa kama maandishi. Ona zilivyoegemea kushoto mwa seli. Excel inazipanga kama kamusi, tarakimu ya kwanza kwanza: 10 inaanza na 1, basi inaitangulia 2. Kubadili fomati kuwa Number peke yake hakusaidii, wengi tunakwama hapo. Kama namba zinaanzia A2, kwenye safu tupu ya pembeni andika:

```
=VALUE(A2)
```

Buruta hadi chini, kisha panga jedwali zima kwa safu hiyo mpya. Ukiona `#VALUE!`, kuna herufi imejificha ndani. Safu ya simu usiiguse: ukiibadili hivyo, 0712 itabaki 712.