Kabla hujamgongesha shujaa wako na lori

Stori yangu ya kwanza ya isekai, zile stori za Kijapani za mtu kujikuta ulimwengu mwingine, ilifia chapta ya tatu na aliyeiua ni mdogo wangu wa kike. Nilimgongesha shujaa na lori akafa kabisa, halafu nikamwamsha kwenye msitu wa ulimwengu mwingine na jinzi yake ileile na simu mfukoni. Dogo akaniuliza, "Kaka, huyu alikufa au hakufa? Kama alikufa simu imefikaje?" Nikakosa jibu.

Ndo nikaja kujua kuna milango miwili ya kuingia huko na ukiichanganya mashabiki wanakushika hapohapo. Wa kwanza Wajapani wanauita tensei, unakufa unazaliwa upya, mwili mpya jina jipya, ulichobaki nacho ni kumbukumbu tu. Wa pili ni ten'i, unahamishwa mzimamzima kama ulivyo. Lori ni la mlango wa kwanza, limeshaua wengi mpaka mashabiki wamelipa jina, Trak-kun.

Sasa mlango ukishauchagua ndo unaamua msomaji atakudai nini. Cheki Mushoku Tensei, jamaa ana miaka 34, hana kazi, anagongwa na lori akijaribu kuokoa watu, anazaliwa tena mtoto anaitwa Rudeus. Lugha anajifunza tangu uchanga, uchawi anaanza kuufanyia mazoezi akiwa bado mdogo sana, kwa hiyo akija kuwa mkali hakuna anayelalamika maana jasho tumeliona. Na kurudi nyumbani hakuna, alishakufa yule.

Subaru wa stori ya Re:Zero yeye ni mlango wa pili, katoka tu dukani usiku, kufumba na kufumbua yuko mji mwingine na traksuti yake na mfuko wa vitu alivyonunua. Huyu ana haki ya kuwa na simu, na simu inafanya kazi kwenye stori, anataka kuibadilisha na kitu kilichoibwa. Kuongea anaelewana nao ila maandishi yao hajui, inabidi afundishwe kusoma. Hiyo ya kutojua kusoma mimi naipenda kuliko mapigano yote, inakukumbusha huyu mtu ni mgeni.

Mtasema mbona kwenye stori ya KonoSuba, Kazuma kafa na bado kaenda na mwili wake? Ni kweli, tena hata lori halikuwa lori, lilikuwa trekta linatembea polepole, kafa kwa mshtuko 😂. Lakini pale katikati kuna mungu wa kike anamweleza kila kitu, utakwenda na mwili wako, lugha utawekewa kichwani, chagua kitu kimoja cha kwenda nacho. Mimi kwenye stori yangu sehemu kama ile niliiruka, nikadhani nawahi kwenye aksheni.

Basi nikaandika upya, lori nikaliacha, simu nikaitoa, shujaa akazaliwa mtoto kwa mhunzi. Nikampa dogo asome. Kafika ukurasa wa pili tu, "Kaka, ana wiki mbili huyu, mbona ashaelewa wanachoongea?"