Damu baada ya tendo na ute mwingi: "kidonda" changu hakikuwa kidonda

*"Nina miaka 23, natumia vidonge vya majira mwezi wa saba sasa. Kila nikikutana na mume wangu natoka damu kidogo, na ute umekuwa mwingi hadi navaa pedi kila siku. Duka la dawa wameniambia nina kidonda kwenye kizazi. Kuna aliyepitia hii? Inapona?"*

Nimepitia, mdogo wangu, tena nikiwa na miaka 24 na vidonge hivyohivyo. Nilihangaika miezi mitano kwa sababu ya hilo neno "kidonda".

Mwanzo nilienda duka la dawa kama wewe. Nikapewa azuma na flajili, nikamaliza dozi, damu ikarudi. Mara ya pili nikapewa vidonge vya kuweka ukeni usiku, siku sita. Ute ukaongezeka. Shoga yangu akanishauri shabu, nikajiosha nayo ndani mara mbili, na hapo ndipo nilipojua maana ya kuwaka moto. Usijaribu. Katika yote hayo hakuna mtu aliyekuwa ameniangalia.

Kosa langu jingine lilikuwa kuacha vidonge ghafla nikiwa kwenye kidonge cha 11. Siku ya tatu damu ikatoka kama hedhi, nikalia nikijua saratani imefumuka. Kumbe ukikatiza pakiti katikati, homoni inashuka na ukuta wa mfuko wa uzazi unajimwaga, basi. Lakini kinga ya mimba nayo nilikuwa nimeiondoa kwa mkono wangu mwenyewe.

Aliyenisaidia ni nesi mmoja mtu mzima wa kliniki ya uzazi wa mpango. Kwanza aliniuliza damu inakuja lini hasa. Nikasema "mara kwa mara." Akasema hilo si jibu, nirudi na daftari. Nilikuwa nimerudi kwenye vidonge, nikaandika wiki nne: tarehe, kidonge cha ngapi, tumekutana au hatukukutana, nimeona nini. Nilipolisoma mwenyewe nikashangaa. Damu ilikuja saa chache baada ya tendo tu, nyekundu mbichi, doa la ukubwa wa sarafu, na asubuhi imekwisha. Siku zisizo na tendo hakuna hata tone. Matone yanayoletwa na vidonge vyenyewe hayana tabia hiyo: yanakuja bila kuguswa, hasa miezi mitatu ya mwanzo au ukisahau kidonge. Wenye sindano na kijiti nao damu yao isiyo na ratiba kwa kawaida inatoka juu, kwenye mfuko wa uzazi. Yangu ilikuwa inatoka mlangoni, inapoguswa.

Kisha akanipima kwa spekulamu, kile chombo cha kufungua uke. Kinasumbua kidogo ila hakiumi kama wanavyotisha watu. Akaniwekea kioo nione. Mlango wa kizazi ni kama kitufe cha rangi ya waridi chenye tundu katikati, na wangu ulikuwa na duara jekundu linalong'aa kuzunguka lile tundu. Alipoligusa kwa pamba, vitone vidogo vya damu vikachomoza, vikakauka vyenyewe.

Akaniambia: "Binua mdomo wako wa chini. Kule ndani kwekundu, kumelowa, laini. Utasema mdomo wako una kidonda?"

Hiyo ndiyo ektropioni. Ngozi ya ndani ya njia ya mlango wa kizazi imejitokeza nje. Ngozi ya nje ina tabaka nyingi, imezoea kusuguliwa. Ile ya ndani ina tabaka moja tu la seli, mishipa ya damu iko karibu chini yake, kwa hiyo ikiguswa inavuja. Na kazi yake ni kutengeneza ute, ndiyo maana unalowa kila siku. Kinachoisukuma nje ni estrojeni. Wasichana wanayo nyingi, wajawazito pia, na vidonge vyenye homoni mbili vinaongeza. Wengi wana ektropioni na hawajui kabisa. Ute wake ni mweupe au kama maji ya yai, hauna harufu, hauwashi.

Sasa hapa usikimbilie kufurahi, maana jicho peke yake halitoshi. Klamidia na kisonono vinafanya mlango uwe mwekundu na utoe damu vilevile, na klamidia inaweza kukaa kimya bila dalili nyingine. Mimi nilichukuliwa sampuli, nikapimwa na mimba. Kisha akapaka siki maalumu mlangoni, akasubiri dakika moja. Anachotafuta ni doa jeupe zito lenye kingo, linaloashiria seli zilizoanza kubadilika. Sikuwa nalo. Majibu ya maambukizi nayo yakatoka safi, na hapo ndipo akaniandikia ektropioni.

Unaweza kwenda ukaambiwa uchunguzi wa saratani unaanzia miaka 30, urudi baadaye. Dada yangu aliambiwa hivyo. Umri huo ni wa wanawake wasio na dalili yoyote. Wewe unatoka damu baada ya tendo, kwa hiyo waambie hivyo waziwazi: "natoka damu kila nikikutana na mume wangu, naomba niangaliwe mlango wa kizazi." Kutoenda kwa sababu u mdogo si hoja, na kwenda haimaanishi una saratani.

Inapona? Haihitaji kupona ikiwa haikusumbui, maana si ugonjwa na haigeuki saratani. Antibiotiki haiigusi, kwa sababu hakuna mdudu wa kuua. Mimi ilinisumbua, kwa hiyo tulijadili njia mbili. Ya kwanza, kuondoka kwenye estrojeni. Ya pili, kuichoma kwa baridi au kwa umeme, au kupaka dawa ya madini ya fedha. Binamu yangu aligandishwa: maji yalimtoka wiki tatu mfululizo, na tendo akakatazwa mwezi mzima. Pia aliendelea na vidonge vilevile, ikamrudia. Kwa umri wetu mimi ningeanza na ya kwanza.

Nilimaliza pakiti yangu mpaka mwisho, pamoja na vile vidonge saba vya rangi ya kahawia, ambavyo ni vya madini ya chuma tu, kisha nikawekewa lupu ya shaba siku za hedhi. Haikuwa mteremko. Hedhi yangu ikawa nzito na ya maumivu zaidi miezi ya mwanzo. Damu ya tendo ilianza kupungua mwezi wa tatu, na kufikia wa sita sikuiona tena. Ute ulichelewa zaidi. Ngozi ile inajibadilisha polepole kuwa ngumu kama ya nje, haifanyi hivyo kwa wiki moja.

Ukianza kuona harufu mbaya, homa, maumivu ya chini ya tumbo, au damu siku ambazo hamjakutana, usiseme "ni ile ektropioni yangu". Rudi upimwe upya.

Ukienda, vaa sketi pana, usiende ukiwa kwenye hedhi, na usijioshe ndani usiku uliotangulia, maana utaosha kile wanachotaka kukiona. Na vidonge endelea kumeza mpaka mmekubaliana cha kubadilishia.