Govi likinasa nyuma usisubiri asubuhi

Dokta, mwanangu ana miaka 3, govi halifunguki, kila nikimwogesha nalivuta analia. Nifanyeje?

Acha kulivuta. Umri huo govi bado limeshikana na kichwa cha uume, ndivyo lilivyo, na wengi linaachia lenyewe taratibu, wengine mpaka wabalehe. Ukilazimisha linachanika, kidonda kikipona kinaacha kovu, na kovu ndo linalobana kweli. Hili swali nalijibu kila wiki jamani! Akikojoa kwa shida au pakivimba na kutoa usaha, hapo mlete.

Nina miaka 46, kichwa cha uume kinawasha, chekundu, kina utando mweupe. Nimepaka dawa ya fangasi mara 3, inapona inarudi.

Ushapima sukari? Mtu mzima akirudiwarudiwa hivi, mimi kabla ya tyubu nyingine namtoboa kidole kwanza, maana kisukari kikipanda mkojo nao unakuwa na sukari na ukibaki chini ya govi fangasi wanakula wanashiba. Na hizo sabuni za kunukia acha, maji tu yanatosha, kisha kausha.

Baba katoka hospitali na mpira wa mkojo, tangu jana govi liko nyuma limevimba kama bangili, haligusiki. Tusubiri kliniki Jumatatu?

Hapana, nendeni leo, sasa hivi! Aliyeweka mpira alivuta govi nyuma akasahau kulirudisha, basi, hiyo ndo habari yote. Ile pete ya govi inakaba nyuma ya kichwa, damu inaingia ila kutoka inashindwa, kinavimba, kikivimba pete inazidi kukaza, mwishowe hata damu ya kuingia inakatika na nyama inaanza kufa.

Wakati mnatafuta usafiri, akivumilia, akibane kichwa na ule uvimbe kwa kiganja taratibu bila kuachia, dakika 5 hadi 10, uvimbe ukinywea asukume kichwa kwa vidole gumba huku vidole vingine vinavuta govi mbele. Ila kama kichwa kimekuwa cheusi, cha baridi au hakisikii kitu, msijaribu chochote, kimbieni. Na mpira msiuchomoe, ndani una puto la maji linaushikilia.

Niliwahi kupokea mzee aliyekaa siku 2 na shida hiyohiyo, wanawe walikuwa wanampa dawa za maumivu tu. Tulimchoma ganzi, tukabana, wapi, ikabidi tuikate ile pete kwa juu ndo ikaachia. Angeletwa siku ya kwanza pengine mikono ingetosha. Manesi mnaosoma hapa, mpira ukishakaa, rudisheni govi mbele kabla hamjavua glovu.

Langu lilinasa nikalirudisha mwenyewe. Nitahiriwe?

Ongea na daktari, likinasa mara moja linaweza kunasa tena. Ila subiri uvimbe uishe, na siku hizi chache usilivute nyuma hata kwa kujaribu.