Kumwomba Mwalimu wa Udereva Akusamehe Ada ya Kughairi Somo

Juma lililopita msomaji mmoja anayeishi Uingereza aliniandikia kwamba mwalimu wake wa udereva amemtoza ada ya somo zima, ilhali asubuhi hiyo alikuwa hospitalini na mama yake. Nilisoma ujumbe wake nikakumbuka uchungu wangu mwenyewe.

Leseni yangu ya Tanzania iliniruhusu kuendesha huku kwa miezi 12 tu, nikalazimika kuanza masomo upya. Somo langu lilikuwa la saa mbili, pauni 38 kwa saa, na masharti yalisema anayeghairi zikiwa zimebaki chini ya saa 48 atalipa yote. Alfajiri moja mwanangu alibanwa na pumu, tukapelekwa hospitali kwa gari la wagonjwa. Somo lilikuwa saa 3 asubuhi. Mimi nilimkumbuka mwalimu saa 5, wakati ameshasubiri mlangoni pangu na kuondoka.

Alipodai pauni 76 nilimwandikia kwa hasira, nikamwuliza kama ana watoto. Alijibu kwa mstari mmoja: masharti ni masharti. Neno lile liliniuma, na hadi leo naona angeweza kulisema kwa upole zaidi. Hata hivyo, nilikuwa nimemhukumu bila kufikiri. Walimu wengi huku wamejiajiri. Mafuta, bima na malipo ya gari ni juu yao, na saa mbili zisizo na mwanafunzi hazirudi.

Siku mbili baadaye niliandika upya: «Mwalimu, samahani kwa ujumbe wangu wa kwanza. Mwanangu alilazwa alfajiri ile. Nimeambatanisha barua ya hospitali yenye tarehe. Najua ulifika na ukapoteza muda. Je, ungekubali nilipe nusu, nami nipo tayari kuchukua nafasi yoyote itakayoachwa wazi na mwanafunzi mwingine?» Alikubali pauni 38.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usimpelekee mwalimu kisa kirefu cha ugonjwa. Mpe tarehe, uthibitisho na ombi lenye kiasi, na katika barua ya hospitali ufiche maelezo ya matibabu yasiyomhusu. Muulize pia kwa heshima kama nafasi yako ilipata mtu mwingine, kwa sababu sheria ya Uingereza ya haki za walaji ya mwaka 2015 haikubali sharti linalomtoza mteja fidia iliyopita kiasi. Mwalimu aliyejaza nafasi hana hasara kubwa ya kudai. Ikiwa haikujazwa naye akakataa, lipa, kwani masharti uliyakubali.

Zaidi ya yote, mjulishe mapema, hata kwa maneno matano. Miezi michache baadaye mwanangu alibanwa tena, nami nikamwandikia mwalimu saa 12 asubuhi nikiwa bado kwenye benchi la hospitali. Alimpata mwanafunzi mwingine wa saa 3, na hakunitoza hata senti.