Pia tatu hazikujaza kopo: theluthi inatoka wapi?

Mpwa wangu alipofika kwenye mada ya mjao, nilimtengenezea umbo la pia na mcheduara, yaani kopo, kwa karatasi ya manila, tukakaa mkekani na bakuli la mchele. Nilishamwahidi kwamba pia tatu zitajaza kopo. Tukamimina ya kwanza, ya pili, ya tatu, na nafasi bado ikabaki. Ya nne iliingia robo tatu nzima.

Kosa lilikuwa langu, na nimeona wengi wakilifanya. Vitako vyote viwili vilikuwa na nusukipenyo cha sm 6. Lakini kopo nililipa kimo cha sm 10, kwa sababu ndiyo niliyopima ubavuni mwa pia, kutoka nchani hadi ukingoni. Huo ni urefu wa mshazari. Kimo hushuka wima kutoka nchani hadi katikati ya kitako, na kwa kanuni ya Pithagoras ni √(10² − 6²), yaani sm 8. Nilipopunguza kopo hadi sm 8, pia tatu zikalijaza barabara. Ukitaka kuirudia, chora duara la nusukipenyo cha sm 10, kata kipande chenye pembe ya nyuzi 216, kisha uunganishe kingo zake mbili.

Ndipo mpwa wangu akauliza: "Mjomba, zimejaa kweli. Lakini pembetatu ni nusu ya mstatili. Mbona pia si nusu ya kopo?"

Mchele hauna jibu la swali hilo, kwa hiyo nakushauri usiishie kwenye mchele. Nilimwambia aikate pia kwa mlalo, katikati ya kimo. Pia ndogo ya juu ina nusu ya kimo na nusu ya nusukipenyo. Kila kipimo kimegawanywa kwa 2, na vipimo viko vitatu, basi mjao wake ni 1/8 tu ya pia nzima. Pembetatu hupungua kwa upana peke yake kadiri unavyopanda. Pia hupungua pande mbili kwa pamoja, ndiyo maana haifiki nusu.

Kwa nini theluthi kamili? Hapo weka pia pembeni, uchukue mchemraba wa sm 6. Chagua kona moja. Nyuso tatu hazigusi kona hiyo. Unganisha kila uso na kona hiyo, utapata piramidi tatu zinazofanana kabisa na kuujaza mchemraba bila pengo. Mjao wa mchemraba ni 216, kwa hiyo kila piramidi ni 72. Zitengeneze kwa manila: kitako cha mraba wa sm 6, pembetatu mbili zenye pembemraba na pande za sm 6 na 6, na nyingine mbili za sm 6 na 8.5. Ncha inakaa juu ya kona ya kitako, si katikati. Mpwa wangu alizigeuzageuza muda mrefu kabla hazijakaa, na muda huo haukupotea.

Sasa rudi kwenye pia. Chukua piramidi na pia zenye kimo kimoja na eneo moja la kitako. Zikate kwa mlalo popote, mradi umbali kutoka nchani ni ule ule. Ukikata kwenye nusu, kila kipande kina robo ya eneo la kitako chake. Ukikata kwenye theluthi kutoka nchani, kila kimoja kina 1/9. Vipande vinalingana ngazi kwa ngazi, hivyo mjao nao unalingana, hata ncha ikihamishwa pembeni. Kwa hiyo piramidi yoyote ni ⅓ × eneo la kitako × kimo, na pia ni ⅓πr²h.

Tufe linatoka papo hapo. Chukua kopo ambalo kimo chake ni sawa na nusukipenyo chake, r, kisha ondoa ndani yake pia iliyosimama kwa ncha. Kwenye kimo y, tundu la pia lina nusukipenyo y, basi kinachobaki ni pete ya eneo πr² − πy². Kata nusutufe lililolala kwa uso bapa kwenye kimo hicho hicho: duara lake, kwa Pithagoras tena, lina eneo la π(r² − y²). Ni lile lile. Nusutufe ni kopo kutoa theluthi yake, yaani ⅔πr³, na tufe zima ni 4/3πr³.

Kwa r = 6 na kimo cha 6, pia ni 72π, nusutufe ni 144π, kopo ni 216π: moja, mbili, tatu. Arkimedi, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale aliyethibitisha kwamba tufe ni theluthi mbili ya mcheduara unaolizunguka barabara, aliomba maumbo hayo mawili yawekwe juu ya kaburi lake kule Sirakusa.