Mkataba wa dada wa kazi: saa, mshahara, likizo na kuagana

Majibu ya leo yanahusu Tanzania Bara, ambako Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlinda dada wa kazi sawasawa na karani wa benki. Wasomaji wa Unguja na Pemba mna sheria yenu, ya mwaka 2005, kwa hiyo msichukue tarakimu hizi kama zilivyo. Kwa mifano yote nimetumia mshahara wa shilingi 195,000 kwa mwezi, na mtaona mbele kwa nini.

"Dada wangu ametoka Singida, ameletwa na jirani ambaye ni shangazi yake. Tumeelewana vizuri kwa mdomo. Karatasi ya nini tena?"

Makubaliano ya mdomo ni ajira halali, ila sheria inakutaka wewe mwajiri umpe maelezo ya ajira yake kwa maandishi siku anapoanza. Ukurasa mmoja unatosha: jina lake, umri, jinsia na anwani ya kwao, kazi anazofanya, tarehe ya kuanza, aina ya mkataba na muda wake, mahali pa kazi, saa za kazi, mshahara na unavyokokotolewa, pamoja na vitu anavyopata nje ya fedha kama chakula na malazi. Kama hasomi vizuri, ni wajibu wako kumfafanulia mpaka aelewe. Kaeni mezani, msome mstari kwa mstari, kila mmoja abaki na nakala.

Upo mstari mmoja ambao watu huuruka: mahali alikoajiriwa. Andika "Singida" kama ndiko ulikomtoa. Faida yake utaiona mtakapoagana.

Na ujue hili kuhusu ule mdomo wenu. Mkifikishana kwenye shauri naye akasema mlikubaliana 195,000 huku wewe ukisema 150,000, mwajiri asiyeweza kutoa maandishi ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Shangazi hatakusaidia hapo.

"Analala kwetu. Anaamka saa kumi na moja na nusu kuandaa watoto wa shule, usiku anapakua chakula. Sasa saa za kazi nitaziandikaje, maana yupo nyumbani muda wote?"

Hapa ndipo mikataba mingi ninayoletewa inapoharibika. Mmoja uliandikwa "saa za kazi: kulingana na mahitaji ya nyumba". Hayo si makubaliano ya saa. Kulala kwako hakumfanyi awe kazini saa ishirini na nne.

Mipaka ni hii: siku 6 kwa wiki, saa 45 kwa wiki, na saa 9 kwa siku bila kuhesabu mapumziko. Kwa anayelala ndani, njia inayofanya kazi ni kuigawa siku vipande. Tuchukue nyumba yako. Kipande cha kwanza saa 11:30 alfajiri hadi 2:30 asubuhi: chai, watoto, vyombo, kufagia. Hizo ni saa 3. Cha pili saa 4:30 asubuhi hadi 7:00 mchana: kufua na chakula cha mchana, saa 2 na nusu. Cha tatu saa 10:30 hadi 12:30 jioni: chakula cha usiku kinaivishwa na kuachwa kwenye hotipoti, saa 2. Jumla ni saa 7 na nusu kwa siku, na kwa siku sita ni 45 kamili.

Maana yake ni kwamba chakula cha usiku mnajipakulia wenyewe. Kama ni lazima apakue yeye, punguza saa mahali pengine au lipa ziada. Na katikati ya vipande ni muda wake kweli. Ukimwachia mtoto mchanga saa 8 mchana "amwangalie tu", yuko kazini, na saa hizo zinahesabika.

Kati ya siku moja na nyingine sheria inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo. Kwa anayeishi hapo hapo kazini yanaweza kupunguzwa hadi saa 8. Ratiba yetu inampa 11, kwa hiyo andikeni kwenye mkataba kwamba mmekubaliana hivyo. Kila wiki anapata saa 24 mfululizo za kupumzika. Tajeni siku yenyewe, mfano Jumapili, na siku hiyo asiamshwe kuwasha jiko.

Sasa ziada. Mshahara wa mwezi unagawanywa kwa saa 195, yaani saa 45 mara wiki 4.333. Kwa 195,000, saa moja ni shilingi 1,000. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani 1,500. Akifanya kazi siku yake ya mapumziko kwa kukubali, au siku ya sikukuu ya kitaifa, ni mara mbili: 2,000 kwa saa. Saa za usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi 12 asubuhi, zina nyongeza ya asilimia 5. Basi Jumamosi wakija wageni akabaki jikoni kuanzia saa 1 hadi saa 4 usiku, ni 4,500 za saa tatu za ziada, na 150 kwa zile saa mbili za usiku: 4,650. Hata ile nusu saa ya kabla ya saa 12 asubuhi ina nyongeza yake, shilingi 25 kwa siku.

Ziada inahitaji makubaliano, na haizidi saa 50 katika wiki nne. Nunua daftari dogo, liwe jikoni, liandikwe siku ile ile na wote wawili watie sahihi. Daftari la kukumbukia mwisho wa mwezi huzaa ugomvi.

"Nilivunja blenda. Mama anasema mshahara wa mwezi huu sipati. Halafu wa miezi iliyopita anasema ananitunzia mpaka nirudi nyumbani."

Mdogo wangu, nianze na hili la kutunziwa, maana ndilo linaloumiza zaidi. Mshahara hulipwa siku mliyokubaliana, mkononi mwako, au kwenye akaunti ukikubali wewe. Kutunziwa kusikokuwa na tarehe wala hesabu ni kutolipwa. Nimewaona wasichana walioondoka na nauli tu baada ya mwaka mzima, kwa kuwa siku ya kuagana hesabu ya "nilizokutunzia" haikupatikana. Mwombe akulipe sasa, na kila malipo yaandikwe. Kama unataka kuweka akiba, weka kwa jina lako.

Kuhusu blenda, hawezi kuchukua mshahara wote. Makato ya uharibifu yanaruhusiwa ikiwa kitu kimeharibika kazini kwa kosa lako, naye amekuandikia sababu, kiasi na namna alivyokipata, ukapewa nafasi ya kujieleza, na wewe ukakubali deni kwa maandishi. Deni halizidi hasara halisi: blenda ya miaka minne haina bei ya blenda mpya. Na makato kwa ujumla hayazidi robo ya mshahara wa fedha. Kwa 195,000 ni 48,750 kwa mwezi, si zaidi. Kama blenda iliungua kwa sababu umeme uliruka, hilo si kosa lako.

Wapo pia waajiri wanaokata chakula na kitanda. Amri ya kima cha chini cha mshahara imemtenga anayelala ndani na anayerudi kwake, na wa ndani amewekewa kiwango cha chini zaidi. Ukimlipa kiwango hicho kisha ukakata chakula, umemkata mara mbili.

"Desemba aliomba kwenda kwao, nikampa siku kumi na mshahara wake. Sasa anadai likizo. Si ndiyo hiyo?"

Ni sehemu yake tu. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo zenye malipo, Jumapili na sikukuu zikiwa humo. Ruhusa aliyoiomba mwenyewe na ukamlipa unaweza kuipunguza humo, kwa hiyo zimebaki 18. Lakini ungekuwa wewe uliyemwambia aende kwao kwa sababu mnasafiri, siku hizo usingezikata.

Ugonjwa ni jambo jingine kabisa na hauli siku hizi 28, almuradi alete cheti cha daktari.

"Januari watoto wote wanaingia bweni, sitahitaji tena dada. Alianza tarehe 2 Oktoba 2023. Nimwambie lini, na nimpe nini?"

Mwambie sasa, kabla hujaandika chochote. Kuisha kwa kazi ni sababu halali, ila sheria inataka umweleze mapema, umsikilize, mzungumzie kama kuna njia nyingine, pengine kuja siku mbili kwa wiki. Kisha mpe notisi ya maandishi ya siku 28 yenye sababu na tarehe. Usimpe akiwa likizo.

Tuseme anamaliza tarehe 31 Desemba 2025, na likizo za nyuma amezimaliza. Ametimiza miaka miwili na siku 91. Siku moja ya kazi ni 195,000 kugawa kwa 26, yaani 7,500. Malipo ya kuachishwa ni siku 7 kwa kila mwaka uliotimia: siku 14, shilingi 105,000. Likizo ya kipande cha mwaka ni siku moja kwa kila siku 13: siku 91 zinatoa siku 7, shilingi 52,500. Ongeza mshahara wa Desemba. Hizo 157,500 ndizo gharama za kuagana ukitoa notisi kwa wakati. Ukimtoa ghafla, unaongeza wiki nne za notisi kwa 45,000, yaani 180,000, na jumla inafika 337,500.

Sasa ule mstari wa Singida. Kwa kuwa ulimwajiri kutoka huko, nauli ya kumrudisha yeye na mizigo yake ni yako. Ukichelewa kumsafirisha, unamlipa pia fedha ya kujikimu ya kila siku mpaka asafiri. Mpe na cheti cha utumishi, kwa sababu mwajiri ajaye atakiulizia.

Angekuwa yeye anayeondoka kwa hiari, naye angepaswa kukupa notisi ile ile ya siku 28, na zile 105,000 zisingekuwepo.

"Nilifukuzwa wiki sita zilizopita, nikaambiwa nimeiba, sikuulizwa chochote. Bado naweza kudai?"

Unaweza, ila usilale na hili. Shauri la kuachishwa isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Hizo zimepita, kwa hiyo utaomba uongezewe muda kwa fomu ya CMA F.2 na kueleza kila siku iliyopita ulikuwa wapi na kwa nini ulichelewa. Kama ulikuwa kijijini bila simu, sema hivyo. Na kama ulikuwa hujatimiza miezi sita kazini, dai hili la kuachishwa halikuhusu.

Mshahara, likizo na notisi ambavyo hukulipwa vina siku 60. Umetumia 42. Nenda wiki hii ofisi ya Tume ya wilaya au mkoa ulikokuwa unafanyia kazi, ujaze CMA F.1, ubebe jumbe za simu, miamala ya mshahara na jina la mtu aliyekuwa akikuona ukifanya kazi pale. Huhitaji wakili. Ukitaka mtu wa kukaa nawe, chama cha wafanyakazi wa majumbani na mahotelini, CHODAWU, huwasindikiza wanachama wake.